Mwanga Chini, Karatasi Juu

Kuna kalenda, kadi za harusi na majalada ya vitabu ambayo mtengenezaji wake alitaka yaonekane kana kwamba yamechapwa kwenye karatasi ya zamani, lakini yakaishia kuonekana machafu. Weusi umekuwa kijivu, sura za watu zimefifia, na juu ya kila kitu umetanda utando mwepesi, kama chandarua kilichomwangukia mtu aliyelala. Chanzo ni kilekile karibu kila mara. Picha ya karatasi iliwekwa juu ya picha yenyewe, kisha ukolevu wake ukapunguzwa hadi nusu ili ile ya chini ionekane.

Kompyuta iliyoambiwa hivyo hutafuta wastani tu. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, huhifadhiwa kwa namba 3: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Sifuri ni giza tupu. 255 ni mwanga wote uliopo. Tuseme karatasi yako ina 200, na chini yake kuna kivuli cha mlango chenye 20. Nusu kwa nusu, kivuli kinapanda hadi 110. Ukuta mweupe wa 240 nao unashuka hadi 220. Mwanga umepungua na giza limepungua, na kilichobaki ni uji wa katikati usio na nguvu upande wowote. Karatasi halisi haifanyi hivyo. Wino ukiwa mzito, unaifunika karatasi. Pasipo na wino, karatasi inaonekana yote.

Ndiyo maana programu za picha zina orodha ya modi kwenye dirisha la matabaka. Modi ni kanuni inayosema pikseli ya juu ifanye nini inapokutana na ya chini. Katika GIMP, programu ya bure ambayo nitaitumia hapa, orodha hiyo iko chini ya neno Mode, juu ya mizani ya Opacity. Photoshop, Krita na Photopea wana modi hizohizo kwa majina hayohayo, kwa hiyo anayefanyia kazi kwenye kivinjari cha mtandao bila kusakinisha chochote anaweza kufuata pia. Orodha ni ndefu na huwatisha wengi, lakini kazi ya leo inahitaji modi 3 tu: Multiply, Screen na Soft light.

Jambo moja likieleweka, mengine yote yatafuata: kila moja ya modi hizo ina rangi yake ambayo haifanyi kitu. Katika Multiply, rangi hiyo ni nyeupe. Katika Screen ni nyeusi. Katika Soft light ni kijivu cha katikati kabisa, kile cha namba 128. Tabaka lililojaa rangi hiyo ni kama halipo. Kila kinachoachana nayo ndicho kinachoigusa picha. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kuchagua modi: kuiandaa karatasi ili sehemu yake kubwa ikaribie rangi isiyofanya kitu, na nyuzi zake peke yake zibaki na la kusema.

Multiply huchukua namba ya juu, huizidisha na ya chini, kisha hugawanya kwa 255. Ukuta wa 200 chini ya karatasi ya 200 unatoa 157. Ukiweka 255 juu, namba ya chini inabaki ilivyo. Ukiweka 0, jibu ni 0. Kwa hiyo Multiply haiwezi kuangaza kitu hata siku moja. Inaweza tu kuacha au kutia giza. Hicho ndicho kinachotokea mwanga unapopita kwenye slaidi 2 za filamu zilizobandanishwa: ya kwanza inazuia sehemu ya mwanga, ya pili inazuia sehemu ya uliobaki.

Wapiga picha waliijua hesabu hiyo kwa mikono kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1980, mpiga picha wa Kanada Michael Orton alipiga mandhari ileile mara 2, mara moja kwa ukali wa kawaida na mara ya pili kwa makusudi ikiwa imetoka nje ya fokasi, akazibandanisha slaidi hizo. Picha iliyopatikana ilikuwa na ukali ndani yake na mng'ao laini ukiizunguka, na mpaka leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Ninachopenda zaidi ni jambo dogo katika kazi yake: slaidi zote 2 alizipiga zikiwa na mwanga wa kupita kiasi, zimepauka. Alijua kwamba zikibandanishwa zitazuiana na kutia giza, akalipa deni hilo mapema. Mtu anayeweka karatasi leo anapaswa kufanya vilevile.

Tuchukue picha moja na tuende nayo. Imepigwa kwa simu mjini Lamu asubuhi yenye mawingu. Mzee mwenye kanzu ameketi kwenye baraza ya nyumba inayotazama bahari. Nyuma yake kuna ukuta uliopakwa chokaa, mweupe wa 240, 238, 232. Kulia kwake kuna mlango wa mbao ulio kivulini, mweusi karibu kabisa, 20, 20, 22. Uso wake, upande ulio na mwanga, una 110, 72, 52. Bahari iko upande wa kushoto. Picha ni pikseli 4000 kwa 3000, na rangi zake ni baridi, kama zilivyo asubuhi za mawingu. Tunataka ionekane imechapwa kwenye karatasi ya kaki, na jua liwe limeanza kuchomoza.

Karatasi tuipate wenyewe. Bahasha ya kaki iliyofunguliwa na kunyooshwa inatosha, au karatasi ngumu ya manila. Skana itakupa rangi sahihi lakini huenda ikakunyima umbile, kwa kuwa taa yake huwekwa ili vivuli vya nyuzi visionekane. Mimi hupendelea kuilaza karatasi mezani kando ya dirisha, mwanga ukija kutoka upande mmoja kwa mlalo, na kuipiga kwa simu kutoka juu kabisa, flashi ikiwa imezimwa. Mwanga wa ubavuni ndio unaoinua kila uzi na kila mkunjo. Flashi huufuta umbile wote na kuacha doa jeupe katikati.

Fungua picha ya mzee, kisha iingize karatasi kwa File, Open as Layers. Ichague modi ya Multiply na utazame. Itakuwa giza, na njano kama chai ya rangi. Bahasha yangu ya kaki ilisomeka 214, 186, 148. Ukizidisha, ukuta mweupe unakuwa 201, 174, 135, yaani si mweupe tena bali rangi ya mkate. Uso wa mzee unashuka hadi 92, 53, 30. Hapo ndipo watu wengi hukimbilia Opacity na kuivuta chini. Giza litapungua kweli, lakini nyuzi nazo zitapungua kwa kiasi kilekile, na utabaki na picha iliyopakwa manjano isiyo na karatasi.

Badala yake, ukiwa kwenye tabaka la karatasi, fungua Colors, Levels. Utaona mlima wa histogramu umekaa upande mmoja, kwa sababu karatasi ina rangi chache. Pembetatu nyeupe iliyo kulia, chini ya mlima, ivute kushoto hadi iguse ukingo wa mlima. Kisha pembetatu ya katikati isogeze nayo kushoto kidogo. Karatasi inapauka mbele ya macho yako, lakini tofauti kati ya uzi na uzi haifutiki. Pima mahali pa kawaida pa karatasi kwa kifaa cha kuchukulia rangi. Nilipofika karibu na 245, 232, 208, niliacha. Sasa ukuta wa mzee unasomeka 231, 217, 189, rangi ya maziwa yaliyotiwa asali, na uso wake 106, 66, 42, karibu kabisa na ulivyokuwa. Nyuzi zinaonekana ukutani kwa nguvu zake zote, na Opacity bado iko 100.

Ule uso unastahili kusimamiwa kidogo. Mafunzo mengi ya kazi hii yametengenezwa kwa nyuso nyeupe, na kwenye uso mweupe Multiply huonekana kama imeongeza joto tu. Kwenye uso mweusi, namba zilikuwa chini tangu mwanzo. Ukizizidisha tena, macho, mikunjo ya paji la uso na ndevu huanza kuungana kuwa kivuli kimoja, na mtu aliyekuwa akikutazama anageuka umbo. Ukiona weupe wa macho umefifia au mstari wa pua umepotea, ujue umevuka. Dawa yake ni maski. Ukiwa kwenye tabaka la karatasi, chagua Layer, Mask, na uongeze maski iliyojaa nyeupe. Chukua brashi kubwa yenye kingo laini, rangi nyeusi, ukolevu wake uwe karibu 40, kisha pita mara moja juu ya uso. Mahali hapo karatasi itapungua bila kuondoka. Usiifute yote, maana uso usio na karatasi kabisa katikati ya picha yenye karatasi huonekana umekatwa mahali pengine na kubandikwa.

Geuka sasa utazame mlango. Karatasi haipo pale. Hili si kosa la mtu, ni hesabu. Tuseme katika wekundu wake nyuzi za karatasi zinapanda na kushuka kati ya 225 na 250. Juu ya ukuta wa 240, tofauti hiyo inazaa hatua 23 au 24 za mwanga, na jicho linaziona kwa urahisi. Juu ya mlango wa 20, tofauti ileile inazaa hatua 2, na hakuna jicho linaloziona. Multiply huandika umbile kwenye mwanga na kulificha gizani. Kwa sehemu hilo ni sawa, kwa kuwa wino mzito nao huficha karatasi. Lakini karatasi isiyong'aa hunywa wino, na weusi uliochapwa juu yake hauwi weusi wa kina. Huwa na kijivujivu kidogo. Kwa hiyo rudi kwenye tabaka la picha, fungua Levels, na chini kabisa, kwenye Output Levels, badilisha 0 kuwa 25. Mlango unapanda kutoka 20 hadi karibu 43. Bado ni mweusi machoni, lakini sasa unaaminika kuwa ni wino, na nyuzi chache zinaanza kuonekana ndani yake. Ukizidi 40 utaurudisha ule utando tulioanza nao.

Kwa rangi zilizo katikati, zile za kanzu iliyo kivulini na mawe ya baraza, inafaa kuongeza nakala ya pili ya karatasi kwa Soft light. Modi hii huangaza pale tabaka la juu linapozidi kijivu cha katikati na kutia giza pale linapopungukiwa, na haigusi weusi tupu wala weupe tupu. Nakala hiyo iondoe rangi kwa Colors, Desaturate, kisha ipitishe kwenye Filters, Enhance, High Pass, kipimo cha Std. Dev. kikiwa karibu 40. Filta hii inafanya mambo 2 tunayoyahitaji: inaishusha karatasi nzima kwenye kijivu cha katikati, na inafuta kile kivuli kikubwa kinachotoka upande wa dirisha kwenda upande wa pili. Kivuli hicho kisipofutwa, picha nzima itakuwa na upande mmoja mweusi kuliko mwingine, na mtazamaji atadhani ni kasoro ya kamera. Opacity ya tabaka hili iwe 30 au 40. Ukihamisha kazi kutoka programu moja kwenda nyingine, litazame upya, kwa kuwa kanuni ya Soft light haifanani kabisa katika programu zote, tofauti na Multiply na Screen ambazo hesabu yake ni moja.

Sasa jua. Screen ni Multiply iliyopinduliwa. Inachukua giza la juu na giza la chini, inazidisha hayo, na kinachosalia ndicho mwanga. Projekta 2 zikimulika ukuta mmoja, kila moja inaongeza mwanga wake juu ya mwingine. Screen iko upande huo, ila haivuki 255 hata ukirundika matabaka mangapi. Chochote cheusi tupu ndani ya tabaka la Screen ni kama hakipo. Kwa hiyo tengeneza tabaka jipya, lijaze nyeusi, 0, 0, 0 kamili, lipe modi ya Screen, na picha haitabadilika hata kidogo. Hiyo ndiyo dalili kwamba umeanza vizuri. Ukiona picha imepauka, nyeusi yako si nyeusi. Tabaka la 20 linaweza kuinua kivuli cha 10 hadi 29, na picha nzima ikapata moshi ambao hukuukusudia. Kwenye histogramu utaona upande wa kushoto kabisa umebaki mtupu.

Chukua kifaa cha Gradient, umbo lake liwe Radial, kutoka rangi ya chungwa ya 255, 154, 60 kwenda nyeusi. Anzia nje kidogo ya kona ya juu kushoto, uvute hadi katikati ya picha. Kwa nini kushoto? Kwa sababu bahari iko kushoto, na mji wa Lamu unatazama mashariki, ng'ambo ya mkondo kuna Manda. Jua linalotoka baharini pale ni jua la asubuhi. Mtu akiitia picha ya ufukwe wa mji ule machweo yanayotoka majini, kila Mlamu atajua kuwa ni uongo kabla hajajua kwa nini. Kule Forodhani, Unguja, ni kinyume chake: jua huzama baharini. Tena tazama vivuli vilivyomo tayari. Hata asubuhi ya mawingu huacha upande mmoja wa pua ukiwa na giza kidogo, na mwanga wako lazima utoke upande wa pili.

Vuta Opacity hadi 45 na utazame kinachotokea, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo halielezwi sana. Ukuta mweupe karibu na kona, mahali mwanga wa chungwa ulipo mkali zaidi, umetoka 240, 238, 232 na kufika 247, 243, 234. Haukupata joto karibu lolote, umeng'aa tu. Mlango mweusi ulio mbali zaidi, ambao bila kupandishwa kwa Levels ungekuwa 20, 20, 22, ungefika karibu 70, 50, 34 kwa chungwa hafifu la 120, 72, 28. Yaani Screen huleta wekundu kwenye giza na karibu haiugusi weupe. Ukuta uliojaa mwanga hauna nafasi ya kuongezewa nyekundu. Ili uwe na rangi ya asubuhi, lazima upunguziwe buluu, na kupunguza ni kazi ya Multiply. Ndiyo sababu mwanga wa Screen peke yake huonekana baridi na wa bandia kwenye picha zenye kuta nyeupe na mawingu, hata rangi iliyochaguliwa iwe ya moto kiasi gani. Katika picha yetu, joto la ukuta tumekwisha kulipata: limeletwa na karatasi ya kaki. Screen ibaki na kazi yake ya kueneza mwanga kwenye hewa iliyo mbele ya vivuli.

Na kwa kuwa mlango wetu tulishaupandisha, 45 ni nyingi. Mbao zinageuka kahawia, nakshi zinapoteza kina, na jicho linaacha kumtazama mzee na kwenda mlangoni. Nilishusha hadi 25. Kwa uso wa mzee, tabaka hili ni rafiki: linampa wekundu upande ulioelekea bahari, na linarudisha sehemu ya mwanga ambao karatasi iliuchukua. Kama uso umeanza kupauka, mpe chungwa kwa Soft light badala ya Screen: tabaka dogo, brashi laini, Opacity 20. Soft light itaupa uso rangi huku ikiacha giza la macho na ndevu mahali pake.

Mng'ao wa Orton nao tunaweza kuupata kutoka kwenye picha yenyewe. Toa nakala ya tabaka la picha. Kwa Levels, vuta pembetatu nyeusi kwenda kulia mpaka vivuli na uso viwe giza na ukuta na anga pekee vibaki na mwanga. Ipitishe kwenye Filters, Blur, Gaussian Blur, kipimo cha 50 kwa picha ya ukubwa huu, kisha iweke Screen kwa Opacity ya 20. Kingo za ukuta zitaanza kumwagika kidogo kwenye vivuli vilivyo jirani, kama jicho linavyoona linapotazama kuelekea jua. Kipimo kikiwa kidogo mno, 5 au 8, utapata picha iliyotikisika na si mng'ao. Kikiwa kikubwa mno, mwanga utatawanyika hadi usionekane umetoka wapi. Angalia mawingu pia: yakigeuka bamba moja jeupe lisilo na mikunjo, punguza.

Kuna mpangilio mmoja wa matabaka ambao kazi hii haina budi kuufuata. Chini kabisa ni picha, juu yake nakala iliyotiwa ukungu, juu yake jua la chungwa, na juu ya yote karatasi zote 2. Mwanga ni jambo lililotokea Lamu, mbele ya kamera. Karatasi ni jambo lililotokea baadaye, kwa mchapaji. Jua la Lamu haliwezi kumulika karatasi ya mchapaji. Ukiliweka tabaka la Screen juu ya karatasi, nyuzi zitayeyuka pale pale ambapo mwanga ni mkali, mahali ambapo karatasi halisi ingeonekana zaidi kuliko kwingine kote. Mtazamaji hatasema kosa ni nini, lakini ataona kwamba ni kompyuta. Ukikutana na picha ya namna hii na huelewi kwa nini haikai, nenda kwenye kona yenye mwanga zaidi utafute nyuzi. Zikiwa hazipo, matabaka yamepinduka.

Pima na unene wa nyuzi. Kipande kidogo cha bahasha kikivutwa hadi kujaza pikseli 4000, uzi mmoja unaweza kuwa mnene kama kidole cha mzee, na karatasi inaanza kuonekana gunia. Njia rahisi ni kupiga eneo la karatasi linalolingana na ukubwa ambao picha itachapwa. Picha ya A4, piga karatasi ya A4.

Inayokwenda kwenye simu ina shida nyingine. Picha ikipunguzwa kutoka pikseli 4000 hadi 1600, nyuzi nyembamba hukutana zikawa wastani mmoja, na karatasi hupotea. Kisha WhatsApp huibana picha tena, na vichembe vidogo ni vigumu kwa JPEG kuhifadhi, hivyo anga linaweza kujaa vimiraba. Kwa hiyo hifadhi faili la XCF lenye matabaka yote, toa nakala ya picha na mwanga tu, ipunguze kwanza, halafu ndipo uweke karatasi, safari hii yenye nyuzi nene zaidi na chache zaidi kuliko za kuchapa.

Na ikiwa mchapaji anatumia karatasi ya kaki kweli, yazime matabaka yote 2 ya karatasi kabla ya kupeleka faili, urudishe Output Levels kwenye 0, na uache jua peke yake. Mahali palipo peupe kwenye faili, mashine haitaweka wino, na bahasha yenyewe itaonekana pale. Ukiacha karatasi ya kompyuta juu ya karatasi ya mkono, ukuta wa mzee utazidishwa mara 2, na utarudi kuwa rangi ya mkate.